Barua ya mama kuhusu mvi zangu: wajuzi naomba mpitie kabla ya Jumamosi

Mtoto_wa_Ngamiani (Leipzig)

Habari za jioni wadau. Nina miaka 36, huu mwaka wa nne niko Ujerumani. Mvi nimezirithi kwa baba, zilianza nikiwa chuo. Nyumbani Tanga hazikuwa shida, maana mama alikuwa na saluni Ngamiani kwa zaidi ya miaka 20, nilikuwa nakaa tu kitini nainuka kichwa cheusi. Huku saluni inayojua nywele zetu iko mbali na bei yake ni mchele wa mwezi mzima. Nikanunua boksi la rangi dukani nijipake mwenyewe.

Nilimpigia mama anielekeze. Akakataa kuongea simuni, "utasikia sikio hili litokee lile." Akaandika barua, kurasa nne za daftari, akampa jirani aliyekuwa anakuja Berlin. Nimeichapa hapa, salamu na mambo ya ukoo nimeyaacha. Jumamosi ndiyo siku ya kupaka. Kama kuna alilosahau, semeni.

*Mwanangu,*

*Picha yako nimeikuza nikaitazama vizuri. Mvi zako ziko kwenye panja zote mbili na kwenye njia ya katikati. Kisogoni huna kitu. Basi hakuna sababu ya kupaka kichwa kizima. Watu wakijipaka nyumbani wanaona mvi za sentimita moja, wanashusha rangi mpaka nchani. Zile za nchani zilishapakwa zamani. Ukirudia unabandika rangi juu ya rangi, zinakuwa nyeusi kama sufuria la makaa, na zinakatika ukipitisha chanuo. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Kila wiki tano au sita utakuwa na kijishina kidogo tu cha kupaka, na hicho ndicho unachopaka.*

*Umesema umefumua rasta Jumapili. Usipake wiki hii hata kama una sherehe. Ukifumua, kucha na chanuo vinaacha mikwaruzo usiyoiona. Rangi ikiingia pale utaruka. Ngoja ngozi itulie. Na kama una mpango wa kutia dawa ya kulainisha, usivichanganye siku moja. Tia dawa kwanza, kaa wiki mbili, ndipo upake rangi. Nimewahi kukubaliana na bibi harusi aliyetaka vyote asubuhi moja, kwa kuwa analipa vizuri. Nywele za mbele zilitoka na taulo. Sikulala.*

*Sasa kuhusu kujaribu. Siku mbili kabla ya kupaka, yaani saa 48 kamili, soma karatasi iliyo ndani ya boksi ujue wao wanataka ujaribu vipi, maana kila kampuni ina yake. Nyingi zinasema uweke tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kunjo la kiwiko. Halafu usipaguse. Ukiona pekundu, pamevimba au panawasha, hata kama ni siku ya pili usiku, boksi hilo si lako.*

*Nakwambia kweli, miaka ya mwanzo saluni sikuwa nafanya hivyo. Nilianza baada ya mteja wangu mmoja, mwalimu, niliyempaka rangi ileile miaka sita. Mwaka wa saba akapaka Ijumaa, Jumapili asubuhi mumewe akaja kuniita. Macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, masikio kama maandazi, maji yanachuruzika shingoni. Rangi haikuwa imebadilika. Mwili wake ndio uliochoka nayo. Kwa hiyo usiniambie "mama, mbona mwaka jana sikudhurika." Jaribu kila mara.*

*Rangi usichukue nyeusi. Nyeusi kwenye panja inaonekana kama umevaa kofia, na mvi zikichungulia wiki ya tatu mstari unaonekana toka ng'ambo ya barabara. Chukua kahawia iliyokoza, namba 3 au 4. Yale maji yake ya kuchanganyia yawe ya 20, kwenye chupa huandikwa pia asilimia 6. Mvi ni ngumu, ya 10 huziteleza juu. Ya 30 na 40 ni ya watu wanaotaka kung'arisha nywele, wewe unataka kuficha, zitakuunguza bure.*

*Usioshe kichwa siku hiyo. Yale mafuta ya asili ya ngozi ni kinga. Paka vaselini kwenye ukingo wa nywele, juu ya masikio na shingoni, lakini isiguse mvi zenyewe, rangi haitashika. Vaa fulana usiyoipenda. Fungua dirisha hata kama kuna baridi. Vaa glavu kabla hujafungua chochote, na zile za kwenye boksi zikiwa kubwa tafuta zinazokukaa.*

*Usichanganye boksi zima. Kwa panja na njia gramu 30 zinatosha. Kama karatasi inasema moja kwa moja, basi gramu 30 za rangi na gramu 30 za maji yake. Tumia bakuli la plastiki, la bati hapana. Kama unapimia mzani wa jikoni, ufunike na mfuko, na kijiko hicho kisirudi kwenye chakula. Ukishachanganya imeanza kufanya kazi, haikungoji. Itakayobaki mwaga. Usiirudishe kwenye chupa ukafunga, inatoa hewa na chupa itapasuka. Doa lile kwenye dari ya saluni ulilokuwa unaliuliza ukiwa mdogo ndilo hilo.*

*Gawa nywele mafungu manne, bana kwa vibanio. Anza na panja, ndiko mvi sugu, ndiko panapohitaji muda mrefu. Tumia brashi, weka rangi nene kwenye shina, usiisugue kwenye ngozi. Panja zikiisha nenda njia ya katikati. Halafu fungua mistari myembamba kila upande wa njia, upana wa nusu kidole, kwa ncha ya chanuo la mkia. Jitahidi umalize kwa robo saa. Muda wa kwenye karatasi unahesabu kutoka ulipomaliza kupaka, siyo ulipoanza. Wengi wao husema nusu saa, wengine zaidi kwa mvi. Usipitishe kwa kudhani itakolea. Ikishashiba imeshiba, inayoendelea kula ni ngozi yako.*

*Kuwasha kidogo dakika za mwanzo watu wengi hupata. Kuunguza hapana. Ukisikia moto, nenda ukaoshe, usingoje saa.*

*Dakika ikifika, kabla ya kuosha lowesha vidole, sugua taratibu ukingoni mwa nywele kama unayeosha mchele. Rangi itaachia ngozi yenyewe. Kisha osha kwa maji ya vuguvugu mpaka yatoke meupe, kichwa ukiinamisha mbele, macho umefumba. Ikiingia jichoni, maji mengi kwa robo saa, na kama bado inauma, hospitali. Usiguse nyusi wala kope kwa rangi hii, hata zikiwa na mvi. Kope zako ni nyeusi, lakini nakujua.*

*Nimesahau kitu. Ile piko mliyochorwa kwenye harusi ya dada yako, wewe mikono haikukusumbua? Mimi nilikuwa jikoni na wageni, nakumbuka tu kulikuwa na maneno ya kijicho. Nijibu.*

*Mama yako*

---

Bi_Kanga (Mombasa)

Mashallah, mama wa hivi tunaomba atuandikie sote. Hiyo ya kusugua kabla ya kuosha mimi nimeijua leo, na nimekuwa nikienda kazini na mstari mweusi pajini miaka yote hii.

Nyongeza yangu ndogo. Nunua ile iliyoandikwa haina amonia. Hiyo haina madhara, mimi natumia hata sijaribu.

---

Chanuo_la_Mkia (Dar es Salaam)

Bi Kanga, shikamoo. Hapo kwa amonia uko sawa nusu. Amonia ndiyo ile harufu inayotia machozi, na kweli isipokuwepo pua na koo vinapumzika. Lakini aliyemfumba macho yule mwalimu siyo amonia. Ni ile rangi yenyewe, na hiyo imo hata kwenye boksi lisilo na harufu. Ukurasa wa bidhaa mtandaoni ukishuka kwenye viambato utakuta `p-Phenylenediamine` au `Toluene-2,5-Diamine`. Moja ya hizo ikiwepo, jaribu, iwe na amonia au isiwe nayo.

Mimi ni fundi, mwaka wa 18 huu. Mama ameandika kama fundi wa kweli. Ningeongeza moja tu kwa mtu anayejipaka peke yake: simamisha kioo kidogo nyuma, halafu baada ya dakika 20 futa shina moja la panja kwa kitambaa chenye unyevu na ulitazame kwenye mwanga wa dirisha. Likiwa bado linang'aa kijivu, rudisha rangi hapo, ngoja. Likiwa limekolea sawa na jirani yake, muda wa karatasi unatosha. Taa ya bafuni inadanganya.

---

Dogo_Mtaalam

Mbona mnazunguka. Chukua maji ya 40, dakika 10 kila kitu kimeshika. Nimeona dada yangu anafanya hivyo.

---

Chanuo_la_Mkia (Dar es Salaam)

Dada yako alikuwa anatafuta nywele za dhahabu au anaficha mvi? Ya 40 inakimbia sana, na karibu na ngozi kuna joto la kichwa, hapo inakimbia zaidi. Matokeo yake mashina yanakuwa mekundu au ya shaba, na katikati kumebaki kahawia. Halafu mvi zenyewe zinabaki nusu, kwa sababu rangi haikupata muda wa kujijenga ndani. Mteja anakuja kwangu na kichwa cha rangi tatu anasema "fundi niokoe." Ya 20, dada, kama alivyosema mama.

---

Mzee_wa_Kibao

Mimi nauliza tofauti. Mvi ni heshima. Kwa nini tuzifiche?

---

Mtoto_wa_Ngamiani (Leipzig)

Mzee shikamoo. Ukiwa na miaka 36 na mhudumu wa dukani anakuuliza kama una punguzo la wastaafu, heshima inakuwa nzito kidogo.

---

Dawa_na_Maji (Nairobi)

Samahani nimechelewa, nilikuwa zamu. Ni mfamasia. Barua ni nzuri lakini jambo kubwa kuliko yote mama ameliweka mstari wa mwisho, kama mtu anayekumbuka chumvi wakati sahani iko mezani. Mtoto wa Ngamiani, hujamjibu kuhusu piko. Ilikusumbua au haikukusumbua?

Nauliza kwa sababu hii. Hina ya kawaida inatoa rangi ya machungwa ikielekea kahawia, na inataka saa nyingi mkononi. Piko nyeusi tii inayoshika kwa nusu saa haiwezi kuwa hina tupu. Mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele uliokorogwa na maji, yaani ile p-Phenylenediamine, PPD kwa kifupi, bila kipimo. Kwenye nywele, Umoja wa Ulaya umeweka mwisho wa asilimia 2 kwenye mchanganyiko unaofika kichwani. Kwenye ngozi, kuchora maua nayo, hawairuhusu kabisa. Kwetu Pwani bibi harusi na mashoga zake wote wanaketi nayo mikononi mpaka ikauke, na mchoraji hana mzani.

Mtu akishaamshwa mzio na piko, mwili haumsahau. Anaweza kukaa miaka kumi, akapaka rangi ya boksi halali kabisa, akaamka kesho yake hajijui kwenye kioo.

Soma ubavuni mwa hilo boksi lako. Ulaya wanalazimika kuandika kwamba usipake kama uliwahi kudhurika na tatuu ya hina nyeusi. Hawakuandika "jaribu kwanza." Wameandika usipake.

---

Mtoto_wa_Ngamiani (Leipzig)

Dawa na Maji, mikono imeniishia nguvu. Nimelitoa boksi kabatini sasa hivi. Imeandikwa, kwa Kijerumani, herufi ndogo, palepale chini ya picha ya mwanamke anayecheka. Nilisoma muda wa kungoja tu, hapo sikupatazama.

Ilikuwa 2016. Walituchora Alhamisi usiku, mikono mpaka viwiko. Wenzangu hawakupata kitu. Mimi Jumamosi, siku yenyewe ya harusi, mkono wa kulia ulianza kuwasha chini ya bangili. Jumapili maua yalikuwa yameumuka. Namaanisha maua yenyewe, kila jani na kila kikonyo, kama yamechorwa kwa kamba chini ya ngozi, na juu malengelenge madogo yenye maji. Nje ya mistari ngozi ilikuwa safi kabisa. Shangazi akasema ni kijicho, kwa sababu nilikuwa nimependeza. Nikapakwa mafuta ya nazi, nikafunikwa na kanga. Iliisha baada ya wiki mbili hivi, lakini alama nyeupe za maua zilikaa mpaka mwaka uliofuata.

Kitu kinachonishangaza, baada ya hapo mama alinipaka rangi saluni mara nyingi tu na sikuumwa.

---

Dawa_na_Maji (Nairobi)

Umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanavyomweleza daktari. Uvimbe unaofuata mchoro, unaokuja siku ya pili au ya tatu, usiovuka mstari. Sitakupima kupitia simu, lakini ukimwambia daktari wa ngozi hivyo ulivyoandika, najua ataandika nini kwenye karatasi.

Kuhusu zile mara za baadaye, jiulize mama alikupaka nini. Siyo kila kinachofunika mvi kina PPD. Na pengine aligusa shina tu, asiguse ngozi, ukaponea. Pengine ulikuwa ukiwashwa kidogo nyuma ya masikio ukadhani ni jasho. Sijui. Ninachojua ni kwamba mara tano salama hazikulindi ya sita, na mwalimu wa kwenye barua ni mfano.

---

Bi_Kanga (Mombasa)

Subhanallah. Mimi nilichorwa piko kwenye harusi nne. Hainiwashi. Basi na mimi niache rangi?

---

Dawa_na_Maji (Nairobi)

Hapana mama, kama hukuwahi kudhurika hukatazwi. Ila acha piko, na uanze kujaribu saa 48 kabla, kila mara. Ile "sijaribu kwa sababu haina amonia" ndiyo iache leo.

---

Kidevu_Cheupe (Bujumbura)

Nami nina swali langu la kando. Ndevu. Napaka ile rangi ya wanaume ya dakika tano, siku ya pili kidevu kinawasha na kunatoka vipele vya maji. Nikinyoa vinaisha. Ni wembe?

---

Chanuo_la_Mkia (Dar es Salaam)

Kaka, vipele vya wembe vinakuja ukinyoa, vyako vinaondoka ukinyoa. Jibu umelileta mwenyewe.

---

Dawa_na_Maji (Nairobi)

Acha kupaka, usipake "mara ya mwisho ya harusi." Ngozi ya uso ni laini kuliko ya utosi, na rangi za wanaume za dakika chache nyingi zina dawa za familia hiyohiyo. Ukiona midomo au ulimi unavimba, au pumzi inabana, hiyo siyo ya kusubiri kesho, ni hospitali saa hiyohiyo. Mtoto wa Ngamiani, kwako huko namba ni 112.

---

Dada_wa_Ruwi (Muscat)

Assalaam alaykum. Dada, hina ndiyo suluhisho. Huku tunatumia hina nyeusi ya pakiti, ya asili kabisa, unachanganya na maji dakika 20 unaosha, mvi zote kwishnei. Bibi yangu Unguja alipaka hina mpaka anakufa na hakuumwa hata siku moja.

---

Chanuo_la_Mkia (Dar es Salaam)

Waalaykumu salaam. Dada, bibi yako na pakiti yako ni vitu viwili. Bibi alikuwa anapaka majani ya mhina yaliyosagwa, unga wa kijani unaonuka kama majani makavu. Ukiupaka kwenye mvi unatoka machungwa. Wanawake wa zamani walikuwa na mvi nyekundu, kumbuka picha zao. Hakuna jani la hina linalotoa nyeusi kwa dakika 20. Geuza pakiti usome viambato, naapa utamkuta yuleyule wa Mtoto wa Ngamiani.

Nyeusi ya majani ipo, lakini ni kazi ya siku nzima. Unapaka hina kwanza saa mbili tatu, unaosha, halafu unga wa nili peke yake juu yake. Matokeo ni kahawia iliyokoza inayokaribia nyeusi. Ununue unga wenye kiambato kimoja tu kwenye karatasi, na hata huo ujaribu kiwikoni, kwa sababu kuna wanaotia mkono. Unga wa "hina" uliochanganywa chumvi za madini, ukija baadaye kukutana na rangi ya boksi, nywele zinapata moto, zinaharibika.

---

Dada_wa_Ruwi (Muscat)

Nimegeuza. Hina ni ya tatu kwenye orodha. Hiyo `p-Phenylenediamine` ipo, mstari wa pili. Kwa kweli sikuwahi kusoma. Mimi hainisumbui lakini nampakaga na binti yangu wa miaka 13 kwenye sikukuu, mikononi.

---

Dawa_na_Maji (Nairobi)

Binti usimpake tena, tafadhali. Maboksi ya Ulaya yanasema rangi hizi si za walio chini ya miaka 16, na hapo wanazungumzia nywele. Mtafutie hina ya majani, ingoje saa nyingi kama zamani. Akiuliza kwa nini si nyeusi, msomee hadithi ya maua ya dada wa Leipzig.

---

Saluni_ya_Kati (Dodoma)

Mimi sikubaliani na jambo moja, na nasema kwa heshima. Hili la kujaribu nyuma ya sikio. Nina mteja alijaribu, hakuona kitu, akapaka, akavimba. Na nimesikia wataalamu wa ngozi wengine hawalipendi, kwamba kila tone ni nafasi nyingine ya kumwamsha mtu mzio. Tunawapa watu usalama wa uongo.

---

Chanuo_la_Mkia (Dar es Salaam)

Sasa tufanye nini, tupake kwa imani?

---

Dawa_na_Maji (Nairobi)

Saluni ya Kati ana hoja, na wataalamu wenyewe hawajamaliza mjadala huo. Kujaribu nyumbani kunakamata wengi lakini si wote. Watu hutumia tone dogo mno, wanaliosha mapema, au wanatazama baada ya saa 12 wakati mzio huu unachelewa. Mimi nabaki upande wa kujaribu kwa mtu asiye na historia. Kwa mwenye historia kama ya dada yetu, sitaki ajaribu nyumbani hata tone. Aende akapimwe. Wanambandikia vibandiko mgongoni vyenye vipimo vidogo vya dawa mbalimbali, vinakaa siku mbili bila kuloweshwa, vinatolewa, wanasoma, halafu wanasoma tena siku moja au mbili baadaye. Jibu likitoka utakuwa unajua jina la adui, siyo tu kwamba rangi inakusumbua. Maana wengine wanaokataliwa na PPD wanakataliwa na ile Toluene-2,5-Diamine pia, wengine hapana.

---

Saluni_ya_Kati (Dodoma)

Hapo tumeelewana robo tatu.

---

Mama_Mtarajiwa (Kampala)

Naomba kuuliza, mimi nina mimba ya wiki 9. Niache kabisa rangi?

---

Dawa_na_Maji (Nairobi)

Huduma ya afya ya Uingereza inasema utafiti uliopo, ingawa si mwingi, unaonyesha ni salama, na kwamba wanawake wengi huchagua kungoja wiki 12 za kwanza zipite. Ukingoja wiki tatu hupotezi kitu. Na ukipaka, hewa iwepo, muda usipite. Mwambie mkunga wako pia.

---

Mtoto_wa_Ngamiani (Leipzig)

Wadau, nimekuja na mrejesho. Jumamosi sikupaka.

Nilimpigia mama nikamsimulia maua. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Akasema, "Kumbe ndiyo maana." Kumbe baada ya ile harusi, mara ya kwanza aliyonipaka rangi niliwashwa masikio usiku kucha, mimi sikumbuki, na yeye akabadilisha. Tangu hapo alikuwa ananipaka hina na nili, ananiambia ni "rangi ya kahawia ya Dubai" kwa sababu nilikuwa nadharau hina, naona ya bibi. Miaka yote. Alisahau kwamba mimi sijui. Barua aliiandika kama anavyowaelekeza wateja.

Daktari wangu wa kawaida amenipa karatasi ya kwenda kwa daktari wa ngozi. Miadi ni wiki saba mbele, ndiyo kawaida ya huku. Ameniambia nisipake krimu ya steroidi mgongoni kabla ya siku hiyo, kipimo kitadanganya.

Sherehe nilikwenda na ule unga mkavu wa kufichia mashina, wa kupaka kwa brashi ndogo kama wanja, baada ya kusoma viambato mara tatu. Unafunika panja vizuri tu. Mvua ilikuwa inanyesha, nikakaa ndani. Usiku foronya ilichafuka, asubuhi nikaosha, mvi zangu zikarudi zilipokuwa.

---

Chanuo_la_Mkia (Dar es Salaam)

"Kahawia ya Dubai"! Mpe mama salamu za fundi. Na umwombe vipimo vyake vya nili, wengi hapa tutavitaka.

---

Mtoto_wa_Ngamiani (Leipzig)

Nimemwomba. Anasema hapimi, anaangalia uji umekuwaje kwenye kijiko. Atanionyesha kwa video Jumapili, nimwekee simu juu.

Kaniuliza pia boksi liko wapi. Nikamwambia kabatini. Akasema lirudishe dukani kabla hujasahau, risiti unayo? Ninayo.